Asilimia Ikishuka, Deni Linabaki

Alifika ofisini kwangu Sinza saa kumi jioni, akiwa na tasnifu ya umahiri ya kurasa 90 na karatasi nyingine tatu alizozikunja mara mbili. Tulisalimiana, akakaa, akazikunjua zile karatasi mezani. Ilikuwa ripoti ya mfanano kutoka chuoni kwake. Juu kabisa palikuwa na tarakimu moja kubwa: asilimia 38.

“Mwalimu, msimamizi wangu amesema nishushe hadi chini ya ishirini,” alisema. “Nimeambiwa wewe unajua lugha. Sitaki ubadilishe maana. Badilisha maneno tu, programu isiyaone. Bei yako nitalipa.”

Kazi yangu ni uhariri wa lugha. Narekebisha tahajia, upatanisho wa kisarufi, mpangilio wa aya na mtindo wa marejeo. Ombi kama lake nimelisikia mara nyingi, na wako watu karibu na kila chuo kikuu wanaolipokea na kulitoza kwa ukurasa. Mimi huwa nakataa. Siku hiyo nilimwambia dada yule kwamba sitaifanya kazi aliyoitaka, lakini kama ana nafasi tuisome ripoti yake pamoja. Tulikaa mpaka magharibi. Yaliyo katika makala haya ni yale tuliyoyaona humo. Maudhui ya tasnifu yake nimeyabadilisha kidogo ili asitambulike.

Ile tarakimu inahesabu nini

Programu za kupima mfanano, Turnitin ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, hazina uwezo wa kujua nani ameiba. Zinachofanya ni kulinganisha. Maandishi yako hukatwakatwa kuwa vipande vifupi vya maneno yanayofuatana, kila kipande kikatafutwa katika hazina kubwa ya kurasa za mtandaoni, majarida ya kitaaluma na kazi za wanafunzi waliotangulia. Kipande kikipatikana kwingine, hutiwa rangi na kuunganishwa na mahali kilikoonekana. Mwisho hujumlishwa maneno yote yenye rangi, yakapimwa dhidi ya maneno yote ya kazi. Watengenezaji wa Turnitin wenyewe wanasema wazi kwamba programu yao haigundui wizi wa kitaaluma. Inaonyesha maandishi yanayofanana, na hukumu anaachiwa mtu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya ni kuivunja ile 38. Tulichukua kalamu tukapitia chanzo kimoja baada ya kingine. Asilimia 9 zilikuwa orodha ya marejeo mwishoni mwa tasnifu. Ni lazima zifanane na kazi za wengine, kwa sababu jina la kitabu na mwaka wake haviandikwi kwa namna mbili. Asilimia 4 zilikuwa nukuu alizozifungia alama na kuzitajia chanzo na ukurasa, tena kwa usahihi. Asilimia 6 zilikuwa vijisehemu vilivyotawanyika: tamko la mtahiniwa ambalo kila mwanafunzi wa chuo kile hulinakili kutoka kwenye mwongozo, majina ya taasisi, na virai kama “malengo mahususi ya utafiti huu ni”. Hapo tayari tumeshafika 19, na hakuna kosa hata moja.

Zilibaki 19 nyingine. Asilimia 11 zilitoka katika makala moja ya jarida, na 8 katika tasnifu ya mwanafunzi mwingine iliyowasilishwa miaka michache nyuma. Kwa kazi ya kurasa 90 hizo ni kurasa zisizopungua 17, karibu zote katika sura ya pili, yaani mapitio ya maandiko. Kurasa nyingi kati ya hizo zilitaja chanzo mwishoni mwa aya, kwenye mabano. Lakini maneno yenyewe yalikuwa ya mwandishi wa chanzo, sentensi nzima nzima, bila alama za nukuu. Msomaji angedhani wazo ndilo lililoazimwa na maneno ni ya mwanafunzi.

Hapo ndipo palipo na kosa. Nusu ya ile tarakimu iliyomkosesha usingizi haikuwa na tatizo lolote. Nusu nyingine lilikuwa tatizo la kweli, na lingebaki kuwa la kweli hata kama lingehesabiwa asilimia 3.

Kwa nini sibadilishi maneno

Ili aelewe kwa nini nakataa, nilimwandikia aya ya mfano. Niliitunga mwenyewe kuhusu jambo analolijua vizuri, usanifishaji wa Kiswahili, tukajifanya imetoka katika makala ya jarida:

“Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipendekeza lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Miaka miwili baadaye, kamati ya lugha iliyoundwa na serikali za kikoloni ilianza kazi ya kuratibu tahajia na vitabu vya shule. Uamuzi huo ulirahisisha uchapishaji, lakini uliziweka pembeni lahaja za Kimvita na Kiamu, zilizokuwa na mapokeo makubwa ya ushairi wa maandishi.”

Kisha nikaibadilisha jinsi mtu wa kushusha asilimia angeibadilisha:

“Kongamano lililoandaliwa Mombasa mnamo 1928 liliamua lugha ya Kiunguja iwe nguzo ya Kiswahili safi. Baada ya miaka miwili, chombo cha lugha kilichoanzishwa na tawala za kikoloni kilianza jukumu la kusimamia matamshi na vitabu vya wanafunzi. Hatua hiyo ilirahisisha uchapaji, ila ilizitupa lahaja za Kimvita na Kiamu, zilizokuwa na mila kubwa za mashairi ya kuandikwa.”

Kiswahili kinamsaidia sana anayetaka kujificha. Ukiondoa “kamati” ukaweka “chombo”, ngeli inabadilika, na maneno mengine yanaifuata: “kamati ya lugha iliyoundwa ilianza” inageuka “chombo cha lugha kilichoundwa kilianza”. Umegusa nomino moja, maneno manne yamebadilika sura. Programu inayotafuta maneno yanayofuatana haioni tena kitu. Lakini fikra haijasogea hata inchi moja. Sentensi ni tatu kama zilivyokuwa, kwa mpangilio uleule, zikianza na tukio lilelile na kuishia kwenye hoja ileile. Aliyeamua kwamba habari za wachapishaji zitangulie na za washairi zifuate si mwanafunzi. Ni mwandishi wa makala. Kuchagua kitu gani kisimame karibu na kipi ndiyo kazi kubwa ya mwandishi wa kitaaluma, na kazi hiyo imechukuliwa yote.

Sasa tazama yaliyoharibika njiani. Chanzo kilisema mkutano “ulipendekeza”. Nakala inasema “liliamua”. Kupendekeza na kuamua ni mambo mawili, na mtahini anayeijua historia hiyo atauliza mara moja ni nani aliyeupa mkutano mamlaka ya kuamua. Chanzo kilisema “lahaja”. Nakala imeweka “lugha”, kana kwamba Kiunguja si sehemu ya Kiswahili. “Sanifu” imekuwa “safi”, na hapo mwanafunzi amebandikwa madai kwamba lahaja nyingine ni chafu, madai ambayo hakuyafikiria wala chanzo hakikuyatoa. “Tahajia”, ambayo ni namna ya kuandika, imekuwa “matamshi”, ambayo ni namna ya kutamka. “Mapokeo” ya ushairi yamekuwa “mila”.

Makosa hayo hayatokani na ujinga wa aliyebadilisha. Yanatoka kwenye kazi yenyewe. Istilahi za fani yoyote zimeundwa zisiwe na visawe. Hiyo ndiyo maana ya istilahi. Anayelazimika kubadilisha kila neno atafika kwenye neno lisilobadilika, na akilibadilisha atakuwa amesema jambo jingine.

Jambo hili limeshathibitishwa kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2021 watafiti watatu, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov, walionyesha kwamba makala nyingi za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa zilikuwa na virai vya ajabu ambavyo hakuna mwanasayansi anayevitumia. Ukivitia katika Kiswahili, ni kama kusema “hatari ya kifuani” mahali pa saratani ya matiti, au “fahamu ya kughushi” mahali pa akili mnemba. Maelezo yao ni kwamba waandishi walipitisha maandishi ya wengine kwenye programu za kubadilisha maneno ili vipima mfanano visiyatambue. Programu haikujua kwamba “saratani ya matiti” ni jina la ugonjwa. Ikabadilisha neno kwa neno. Virai vilevile vilivyotengenezwa kuficha asili ya makala ndivyo sasa vinavyotafutwa ili kuzikamata. Fikiria daktari anayetafuta tafiti kuhusu saratani ya matiti: makala iliyoandikwa hivyo haitokei katika utafutaji wake, na ikitokea hawezi kuiamini.

Hila hubadilisha aina ya kosa

Dada yule aliniuliza swali zuri. “Lakini mwalimu, nilipoyaandika sikukusudia kuiba. Sasa kuna ubaya gani nikirekebisha?”

Kurekebisha hakuna ubaya. Tofauti iko kwenye kitu gani kinarekebishwa. Mwanafunzi aliyesahau alama za nukuu amefanya uzembe, na msimamizi mwenye busara humrudishia kazi akamwonyesha. Mtaalamu wa uandishi Rebecca Moore Howard, ambaye tangu miaka ya 1990 ameandika juu ya kile tunachoweza kukiita uandishi wa viraka, alieleza kwamba wanafunzi wengi hushonashona sentensi za chanzo kwa sababu bado hawajaimudu lugha ya fani yao. Ni hatua ya kujifunza, na dawa yake ni kufundishwa. Mimi naamini hivyo pia. Kurasa zile 17 zilikuwa viraka vya mtu anayejifunza.

Lakini mtu aliyekwisha kuona ripoti, akajua kabisa kwamba sentensi hii ni ya fulani, kisha akakaa kubadili maneno yake ili isijulikane kuwa ni ya fulani, hayuko tena kwenye uzembe. Kabla ya ripoti angeweza kusema hakujua. Baada ya hapo, kila neno lililobadilishwa ni ushahidi kwamba alijua. Na mhariri anayemfanyia kazi hiyo anashiriki, kwa sababu kinachonunuliwa ni ufichaji.

Tena ufichaji huo unakata uzi ambao msomaji anauhitaji. Ikiwa nukuu ina alama na ukurasa, msomaji anaweza kwenda kwenye chanzo akaona kama kilisema hivyo. Neno likibadilishwa na chanzo kikafichwa, yule anayesoma “liliamua” hana pa kwenda kuhakiki. Atalinakili naye. Baada ya tasnifu tatu, mkutano uliopendekeza utakuwa umeamua, na hakuna atakayejua kosa lilianzia wapi.

Tafsiri nayo

Baadhi ya watu hudhani wamepata njia: makala imeandikwa kwa Kiingereza, wao wanaandika kwa Kiswahili, basi hakuna neno hata moja linalofanana. Nilimweleza habari ya Pál Schmitt, aliyekuwa rais wa Hungaria. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1992 ilihusu programu ya michezo ya Olimpiki. Mapema mwaka 2012 gazeti la huko lilifichua kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa tafsiri ya kazi ya mtaalamu wa Kibulgaria, Nikolay Georgiev, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Machi mwaka huo Chuo Kikuu cha Semmelweis kilimvua udaktari, na tarehe 2 Aprili 2012 alijiuzulu urais.

Kipima mfanano kinacholinganisha maneno kisingekuta kitu kati ya Kihungaria cha Schmitt na Kifaransa cha Georgiev. Hata hivyo, tofauti hiyo ya maneno haikuifanya kazi kuwa halali. Watu waliweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, wakaona mawazo yanatembea kwa hatua zilezile.

Hili linatugusa sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuliko wengi, kwa sababu marejeo yetu mengi yako katika lugha nyingine. Kutafsiri ni halali na ni kazi yenye thamani. Lakini sentensi iliyotafsiriwa ni nukuu. Inatajiwa mwandishi, mwaka na ukurasa, na inaongezewa maneno “tafsiri yangu” kwenye mabano, ili likitokea kosa la tafsiri msomaji ajue ni la nani.

Ufafanuzi wa wizi wa kitaaluma ambao serikali ya Marekani iliupitisha mwaka 2000 kwa ajili ya tafiti inazozigharamia unasaidia hapa. Unataja kuchukua vitu vinne vya mtu mwingine bila kumpa haki yake: mawazo, taratibu, matokeo, na maneno. Maneno yametajwa mwisho. Kipima mfanano kinagusa hicho cha nne peke yake. Anayebadilisha maneno amelipa robo ya deni kwa sarafu ya kughushi, na robo tatu hajazigusa.

Kosa lilianzia daftarini

Nilimwomba anionyeshe daftari alilotumia kusoma. Alikuwa nalo kwenye mkoba. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa na sentensi nzuri, zilizonyooka, zenye istilahi sahihi. Nikamwekea kidole kwenye sentensi moja: “Hii ni yako au ya mwandishi?” Akaitazama kwa muda mrefu. Hakuweza kukumbuka.

Hapo ndipo viraka huzaliwa. Mtu anasoma mwezi wa tatu, ananakili kilichompendeza bila alama, anafunga daftari. Mwezi wa tisa analifungua ili aandike, na kila kilichomo kimeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Anakihamishia kwenye tasnifu akiamini ni chake.

Kwa hiyo kurekebisha kulianzia kwenye daftari, na wala si kwenye tasnifu. Nilimwagiza arudi maktaba akatafute upya zile kazi mbili, kisha kwa kila anachokiandika aweke alama moja kati ya tatu. Maneno yaliyonakiliwa kama yalivyo yafungwe ndani ya alama za nukuu papo hapo, na namba ya ukurasa iandikwe kabla ya kuendelea kusoma. Wazo la mwandishi lililoelezwa kwa maneno ya msomaji liandikwe bila alama, lakini nalo na ukurasa wake. Fikra yake mwenyewe, swali au ubishi, itanguliwe na herufi za jina lake. Anayefanya hivyo hatapotea tena hata baada ya mwaka.

Kuandika baada ya kufunga kitabu

Kisha inakuja kazi yenyewe ya kueleza upya. Soma aya mpaka uweze kumweleza mtu asiyekuwepo. Funga kitabu. Jiulize: katika sura hii, nahitaji nini kutoka kwa mwandishi huyu? Andika jibu. Ndipo ufungue kitabu tena uhakiki mambo matatu: kwanza, kwamba hujamsemesha asichosema, pili, kwamba maneno ambayo ni yake kweli na yamekuganda kichwani yamepata alama za nukuu, tatu, kwamba ukurasa ni sahihi.

Ukibadilisha maneno huku kitabu kiko wazi, jicho litafuata mstari na sentensi yako itakuwa na umbo la yake. Ukifunga, unalazimika kutumia ulichoelewa. Kama huwezi kuandika kitabu kikiwa kimefungwa, basi bado hujaelewa, na hilo ni jambo jema kulijua kabla ya siku ya utetezi wa tasnifu.

Tulijaribu kwa aya yangu ya mfano. Utafiti wa dada huyu unahusu tahajia wanayoitumia watunzi wa mashairi ya Kimvita. Nilimfungia karatasi, akakaa kama dakika kumi, akaandika hivi:

“Mwandishi huyu anaiona historia ya usanifishaji kama mizani. Upande mmoja wamo wachapishaji na shule, waliopata wepesi baada ya Kiunguja kupendekezwa Mombasa mwaka 1928. Upande wa pili wamo washairi wa Kimvita na Kiamu, ambao lahaja zao, kwa maneno yake, uamuzi huo ‘uliziweka pembeni’ (uk. 45). Watunzi niliowahoji Mombasa wanakubaliana naye kuhusu shule, lakini wanapinga kwamba waliwekwa pembeni: wanasema waliendelea kuandika kwa tahajia yao wenyewe.”

Angalia kilichotokea. Istilahi zimebaki: lahaja, usanifishaji, tahajia. Hakuna aliyezikimbia. Kitenzi “kupendekezwa” kimebaki, kwa sababu ndicho cha kweli. Maneno mawili ambayo ni ya mwandishi yamefungiwa alama. Kamati ya lugha imeachwa, kwa kuwa hoja yake haiihitaji. Mizani ni yake. Na mwishoni amefanya jambo ambalo nakala haiwezi kulifanya kamwe: amemjibu mwandishi. Pia msomaji anaona wazi mwandishi wa makala anapoishia na mtafiti anapoanzia. Katika kurasa zake za awali mabano yaliwekwa mwishoni mwa aya ya sentensi tisa, na hakuna ambaye angeweza kujua kama yanahusu sentensi zote tisa au ile ya mwisho tu.

Lilibaki jambo moja. Katika orodha yake ya marejeo kulikuwa na ripoti ya miaka ya 1930. Nilimuuliza aliisoma wapi. Hakuisoma; aliikuta imetajwa ndani ya ile makala ya jarida, akaihamisha pamoja na mwaka na ukurasa wake. Hili ni la kawaida mno na halionekani katika ripoti yoyote ya mfanano. Njia ya haki ni kutaja ulichokishika mkononi: unasema ripoti hiyo “imenukuliwa katika” makala fulani, ukurasa fulani, na orodha yako inabeba makala peke yake. Vinginevyo unamwambia mtahini kwamba uliingia kwenye nyaraka ambazo hukuziona, na kama mwandishi wa makala alikosea namba ya ukurasa, kosa lake sasa lina jina lako.

Si kila kitu kinahitaji mabano. Kwamba Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, au kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ni mambo yanayojulikana na kila mtu na hayana mwenyewe. Kwa nini Kiunguja kilichaguliwa badala ya Kimvita ni jambo lenye mjadala, na kila sababu ina mtu aliyeitoa. Ukijikuta unaandika “kwa sababu” ndani ya mapitio ya maandiko, jiulize sababu hiyo ni ya nani.

Tarakimu iliyorudi

Alirudi baada ya wiki tano. Sura ya pili ilikuwa fupi kwa kurasa sita. Ripoti mpya ilisoma asilimia 21, moja juu ya kikomo alichopewa, na uso wake ulionyesha kwamba bado ile moja inamsumbua. Nilimshauri asiiguse. Badala yake aliandika ukurasa mmoja kwa msimamizi: marejeo ni kiasi gani, nukuu zenye alama ni kiasi gani, tamko la chuo na virai vya kawaida ni kiasi gani, na namba za kurasa ambako kila kimoja kinaonekana. Programu hizi zina sehemu ya kuondoa marejeo na nukuu kwenye hesabu. Msimamizi aliibonyeza, akasoma kilichobaki chanzo kwa chanzo, akaipitisha.

Nilipomuuliza ni kitu gani kilichukua muda mrefu zaidi, alisema ni kuisoma upya ile makala iliyompa zile asilimia 11. Mara ya kwanza aliinakili kwa sababu ilionekana imemaliza kila kitu. Mara ya pili, kitabu kikiwa kimefungwa, aligundua kwamba mwandishi anazungumzia lahaja kuwekwa pembeni bila kumtaja mtunzi hata mmoja aliyemuuliza. Yeye alikuwa na watunzi kwenye vinasa sauti vyake, na walikuwa wamemwambia kinyume. Pengo hilo ndilo likawa sura yake ya nne.